Tarehe za siku saba zijazo zipakwe rangi, zilizopita zibaki nyeupe: hatua kwa hatua

Nina kibanda cha kuchapa na kuprinti hapa Busia, upande wa Uganda, na kuna swali moja linalonijia karibu kila wiki. Mtu anafungua faili ya Excel yenye orodha ya mikopo, leseni au kodi za vyumba, ananyoosha kidole kwenye safu ya tarehe na kusema: "Nataka zinazokaribia zing'ae." Nikimuuliza zilizopita je, anasema hizo aziache, hizo ana namna yake ya kuzishughulikia. Halafu ananionyesha alichojaribu nyumbani, na mara nyingi nakuta shiti nzima ina rangi ya chungwa, mpaka madeni ya mwaka juzi.

Kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Mfano nitakaotumia ni wa kikundi kimoja cha akiba na mikopo cha akina mama wa sokoni. Katibu wao huniletea faili yenye wanachama 41, na kila Jumatatu anataka kujua nani wa kupigiwa simu kabla ya siku ya rejesho kufika. Ukishaelewa huo mfano, badilisha tu herufi za safu zifuate za kwako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kompyuta yenye Excel, au akaunti ya Google ya kufungulia Google Sheets. Rangi ukiiwekea kwenye kompyuta itaonekana hata faili ikifunguliwa kwenye simu, ila kazi ya kuiweka ifanyie kwenye kompyuta, kidole kwenye kioo kidogo kitakuchosha.

Orodha yenye mstari mmoja wa vichwa juu, na tarehe zote kwenye safu moja. Ya katibu wetu ipo hivi: safu A ni namba ya mwanachama, B ni simu, C ni kiasi cha rejesho, D ni tarehe ya rejesho, E ni "Amelipa". Vichwa viko mstari wa 1, wanachama wanaanzia mstari wa 2 hadi wa 42.

Na uwe na uamuzi: "siku saba zijazo" kwako ni zipi? Swali linaonekana la kitoto lakini ndilo linaloleta ubishi baadaye. Tuseme leo ni Jumatatu tarehe 8 Juni 2026. Je, leo yenyewe imo? Na Jumatatu ijayo, tarehe 15, imo? Katibu wetu alitaka zote mbili, kwa sababu anapiga simu Jumatatu na hataki rejesho la Jumatatu inayofuata limkute hajasema kitu. Ukizihesabu hizo kwa vidole ni siku nane, si saba. Sioni ubaya wowote, mradi ujue umechagua nini. Anayetaka saba kamili pamoja na leo, nitamwonyesha pa kupunguza.

Kwanza kagua tarehe zako

Watu wengi huruka hapa, kisha wakarudi kwangu wakisema fomula imekataa. Fomula haijakataa. Excel huiweka tarehe ndani kama namba ya kawaida, inayohesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 8 Juni 2026 kwake ni 46181, tarehe 15 ni 46188. Kinachoonekana kwenye seli ni vazi tu. Lakini kama seli ina maandishi yanayofanana na tarehe, ndani hamna namba, na hakuna cha kulinganisha.

1. Chagua tarehe zote, yaani D2 hadi D42.

2. Bonyeza `Ctrl+1`, nenda `Number`, chagua `Custom`, na kwenye kisanduku cha `Type` andika hivi, kisha `OK`:

```
dd-mmm-yyyy
```

3. Pitia safu nzima kwa macho. Tarehe halisi itabadilika mara moja na kuonyesha jina la mwezi, kama 11-Jun-2026. Iliyobaki vilevile ilivyokuwa, 15/6/2026, ni maandishi.

Hatua hii naipenda kuliko njia nyingine zote za kukagua kwa sababu inafichua jambo la pili, baya zaidi. Kompyuta nyingi zinazoingia huku zimewekewa mpangilio wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi halafu siku. Sisi tunatanguliza siku. Sasa tazama kinachotokea katibu akiandika tarehe zake kwenye kompyuta ya namna hiyo.

Ameandika 15/6/2026. Kompyuta inatafuta mwezi wa 15, haiupati, inaamua haya ni maandishi na kuyasukuma upande wa kushoto wa seli. Hiyo utaiona.

Ameandika 11/6/2026, akimaanisha Juni. Kompyuta inasoma tarehe 6 Novemba na kuikubali kwa moyo mkunjufu. Na kwa kuwa inaionyesha pia kwa mtindo wa Marekani, kwenye seli utaona 11/6/2026, kama ulivyoandika. Hakuna jicho litakalogundua. Mwanachama mwenye rejesho Alhamisi hii hatapakwa rangi mpaka mwisho wa Oktoba.

Ameandika 6/8/2026, akimaanisha Agosti. Kompyuta inasoma 8 Juni, na mtu ambaye bado ana miezi miwili anawaka rangi leo, anapigiwa simu, anakasirika.

Yote hayo ndani ya safu moja, mikono ya mtu yuleyule, siku ileile. Mimi mwenyewe nililiwa na hili mwaka wa kwanza wa kibanda. Nilimkabidhi mteja orodha yake ikiwa na rangi nzuri, na rejesho la tarehe 12 Juni lilikuwa limekaa kama 6 Desemba. Siku ilipopita kimya, yule mama alikuja na kitabu chake cha mkono, akakiweka juu ya kibodi yangu, akasema, "Kaka, hiki hakina umeme lakini kilijua." Tangu siku hiyo sianzi na rangi kabla ya kuona majina ya miezi.

4. Tarehe zilizo maandishi zirekebishe kwa pamoja. Chagua safu ya tarehe, fungua `Data`, kisha `Text to Columns`. Acha `Delimited`, bonyeza `Next`, ondoa alama zote za tiki kwenye vitenganishi, bonyeza `Next` tena, chagua `Date`, na pembeni yake `DMY`. Malizia kwa `Finish`. Herufi hizo tatu zinaiambia Excel kwamba siku inatangulia, ukifuata mwezi, kisha mwaka. Zile zilizoandikwa kwa maneno, kama "12th June 2026", ziandike upya kwa mkono.

5. Tarehe zilizogeuzwa hazina dawa ya kuaminika zaidi ya kitabu cha asili. Kaa na kitabu, weka rula chini ya mstari, linganisha moja moja. Za hatari ni zile tu ambazo siku ni 12 kushuka chini, kwa sababu ndizo zinazoweza kusomwa kama mwezi. Kwa orodha ya watu 41 ni kazi ya dakika kumi.

6. Zuia yasirudi. Kwenye Windows fungua mipangilio ya `Region` na pale penye `Format` weka `English (United Kingdom)`, ambao unatanguliza siku. Funga Excel na uifungue tena. Jua kwamba hii inasaidia tarehe utakazoandika kuanzia sasa, haiponyi zilizokwisha kuingia vibaya.

Sasa rangi yenyewe, kwenye Excel

Utaona kwenye menyu kuna njia ya mkato inayoitwa `A Date Occurring`, na watu huikimbilia. Ina `In the last 7 days`, siku saba zilizopita. Siku saba zijazo haina. Ina `Next week`, lakini hiyo ni wiki ya kalenda ijayo, inayoanza Jumapili. Ukiitumia leo Jumatatu tarehe 8, rejesho la Alhamisi tarehe 11 halitapakwa, kwa sababu hilo ni la wiki hii. Iache.

1. Bofya seli D2. Shikilia `Shift`, kisha bofya D42. Anzia juu, usiburute kutoka chini kwenda juu. Excel inaisoma fomula yako kuanzia seli uliyoibofya kwanza, ile inayobaki nyeupe ndani ya eneo lililochaguliwa. Ukianzia chini, seli hiyo ni D42, na fomula ya D2 itakuwa inamhukumu mwanachama wa mwisho kwa tarehe ya mwanachama wa kwanza. Angalia kile kisanduku kidogo cha jina kilicho kushoto juu ya shiti: kinatakiwa kisome D2.

2. Kwenye `Home` bofya `Conditional Formatting`, kisha `New Rule`.

3. Chagua mstari wa mwisho, `Use a formula to determine which cells to format`.

4. Andika fomula hii kwenye kisanduku:

```
=AND(D2>=TODAY(),D2<=TODAY()+7)
```

Isome hivi: tarehe iwe leo au baada ya leo, na papo hapo isizidi leo kujumlisha saba. Nusu ya kwanza ndiyo inayoziacha zilizopita. Wengi huandika nusu ya pili peke yake, na ndipo madeni ya mwaka juzi yanapowaka, kwani nayo hayajazidi wiki ijayo. Hata seli tupu zitawaka, maana Excel huihesabu seli tupu kama sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tarehe yoyote. Nusu zote mbili zikiwepo, seli tupu zinabaki nyeupe bila wewe kufanya lolote.

Anayetaka siku saba kamili pamoja na leo aandike `+6` badala ya `+7`. Asiyetaka leo iwemo aondoe alama ya usawa kwenye nusu ya kwanza, ibaki `D2>TODAY()`.

5. Ukikosea herufi ndani ya kisanduku hicho, usitumie vitufe vya mishale kurudi nyuma. Excel itadhani unachagua seli, na itachomeka vitu kama `$D$5` katikati ya fomula yako. Bonyeza `F2` kwanza, ndipo mishale itatembea ndani ya maandishi. Hili huwapotezea watu muda mwingi kuliko fomula yenyewe. Na usibofye seli kwa mausi ili ijiandike, kwa sababu itaandikwa na alama mbili za dola, `$D$2`, na hapo safu nzima itamfuata mwanachama mmoja: akiwaka yeye wote wanawaka, akizima wote wanazima.

6. Bofya `Format`, kisha `Fill`, chagua rangi. Mimi huchagua njano hafifu, kwa sababu orodha nyingi hapa huishia kuprintiwa kwa wino mweusi na njano hafifu haifuniki maandishi. Bonyeza `OK`, na `OK` tena.

Jaribu kabla hujaamini

Usisubiri wiki ipite ili ujue kama imefanya kazi. Chukua seli nne za wanachama, nakili tarehe zao pembeni kwenye karatasi, kisha andika humo mambo haya, moja kila seli:

```
=TODAY()-1
=TODAY()
=TODAY()+7
=TODAY()+8
```

Ya kwanza ni jana, ibaki nyeupe. Ya pili na ya tatu zipakwe. Ya nne ibaki nyeupe. Leo ikiwa 8 Juni 2026, utakuwa unaona tarehe 7, 8, 15 na 16, na rangi iko kwenye zile mbili za kati. Ikitoka tofauti na hivyo, nenda kwenye sehemu ya matatizo hapa chini. Ikitoka sawa, rudisha tarehe za wanachama kutoka kwenye karatasi. Usisahau, maana fomula ya `TODAY` ukiiacha pale, rejesho la mtu huyo litakuwa linasogea mbele kila kukicha na hatodaiwa milele.

Mstari mzima, na waliokwisha kulipa

Katibu alipoona seli za safu D zinang'aa, ombi lililofuata lilikuwa mstari wote uwake ili aone namba ya simu bila kufuata kwa kidole. Kwa hilo anza upya: chagua A2 hadi E42 ukianzia A2, pitia hatua zilezile, ila fomula iwe hivi:

```
=AND($D2>=TODAY(),$D2<=TODAY()+7)
```

Dola mbele ya D inaifunga safu: kila seli ya mstari, iwe ya simu au ya kiasi, inaangalia tarehe ya safu D. Mbele ya 2 hakuna dola, ili kila mstari utumie tarehe yake. Ukiisahau dola ya D, safu B itaangalia E, safu C itaangalia F, na utapata madoa ya ajabu au hakuna rangi kabisa.

Ile kanuni ya kwanza ya safu D peke yake ifute, isije ikakuchanganya. Nenda `Conditional Formatting`, kisha `Manage Rules`, na pale juu chagua `This Worksheet` ili uzione zote.

Wiki iliyofuata akarudi. "Sasa inaniwakia hata waliolipa mapema." Alikuwa na haki. Kwake safu E huandikwa tarehe ya kulipa, au inaachwa tupu. Tukaongeza sharti la tatu, kwamba E iwe tupu:

```
=AND($D2>=TODAY(),$D2<=TODAY()+7,$E2="")
```

Akijaza E, mstari unazima papo hapo. Angalizo moja: kuna mtu wa kikundi aliyekuwa na tabia ya kubonyeza nafasi ya kibodi kwenye seli ya E akipita. Seli inaonekana tupu lakini ina nafasi ndani, na mstari hauwaki. Ukiona mtu wa kuwaka hawaki, simama kwenye seli yake ya E na ubonyeze `Delete`.

Kwa wanaotumia Google Sheets

Fomula ni zilezile. Njia ndiyo tofauti kidogo.

1. Chagua A2 hadi E42. Hapa haijalishi umeanzia juu au chini, kwa kuwa Google Sheets huisoma fomula kuanzia kona ya juu kushoto ya eneo.

2. Fungua `Format`, kisha `Conditional formatting`. Kidirisha kitatokea kulia.

3. Kwenye `Format cells if` shuka hadi mwisho kabisa wa orodha, chagua `Custom formula is`, bandika fomula, chagua rangi, bonyeza `Done`.

4. Kisha fungua `File`, `Settings`, na ukague vitu viwili. `Locale` iwe `United Kingdom`, kwa sababu ileile ya siku kutangulia mwezi. `Time zone` iwe ya Kampala au Nairobi, yaani GMT+03:00. Bonyeza `Save settings`.

Hicho cha pili si cha kupuuza. `TODAY` kwenye Google Sheets hufuata saa za faili, haifuati saa ya kompyuta yako. Nimewahi kuletewa faili iliyokuwa kwenye saa za Los Angeles. Huko usiku wa manane hufika wakati kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira yao. Mama akifungua orodha saa mbili asubuhi kabla ya kwenda sokoni, faili bado ipo jana: rejesho la jana linawaka kana kwamba ni la leo, na la siku ya mwisho halijawaka. Akija kwangu saa sita kulalamika, tunafungua pamoja na kila kitu ni sawa. Tulihangaika siku mbili mpaka tulipofungua mipangilio.

Ikigoma

*Hakuna hata seli moja iliyopakwa.* Fungua `Manage Rules`, bofya `Edit Rule`, usome fomula. Ukikuta imevikwa alama za kunukuu, mfano `="AND(D2>=..."`, ulisahau alama ya usawa mwanzoni na Excel ikaichukua kama maneno. Futa alama hizo uandike upya. Kama fomula ni nzima, simama kwenye seli tupu pembeni na uulize:

```
=ISNUMBER(D2)
```

Ikijibu `FALSE`, tarehe yako ni maandishi, rudi kwenye ukaguzi. Excel huyahesabu maandishi yoyote kuwa makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo tarehe ya maandishi hupita nusu ya kwanza ya fomula na kuanguka kwenye ya pili. Haipakwi, na haitoi kosa lolote la kukushtua.

*Excel inakataa fomula na kusema kuna kosa.* Baadhi ya mipangilio ya nchi, hasa ile inayotumia koma kwa desimali, kama Kifaransa, inataka nukta-mkato mahali pa koma. Nimekutana na hili kwenye kompyuta zilizovuka kutoka Kongo. Badilisha koma zote ziwe `;` ujaribu tena.

*Zinazowaka ni za mstari wa juu au wa chini ya wenyewe.* Namba iliyo kwenye fomula haifanani na mstari wa kwanza wa eneo. Ulibofya kichwa cha safu D ukachagua safu nzima, kwa hiyo eneo linaanzia D1, lakini fomula inasema D2. Kwenye `Manage Rules`, panapoandikwa `Applies to`, linganisha. Eneo likianzia mstari wa 2, fomula nayo ianze na 2.

*Leo haiwaki, kesho inawaka.* Kuna mtu ameandika `NOW()` mahali pa `TODAY()`. `NOW` inabeba na saa. Tarehe uliyoandika bila saa huhesabiwa kuwa ni usiku wa manane wa siku hiyo, na kufika saa tatu asubuhi tayari imepitwa.

*Siku ya mwisho haiwaki.* Hii ni kinyume chake: safari hii tarehe zako ndizo zenye saa ndani, kama zilivyo zinazotoka kwenye mifumo ya malipo. Tarehe 15 saa nane mchana ni kubwa kuliko tarehe 15 ya usiku wa manane, kwa hiyo inatoka nje ya mpaka. Badilisha nusu ya pili iwe `$D2<TODAY()+8`, yaani chochote kabla ya tarehe 16 kuanza.

*Tarehe iliyopita inawaka, na fomula haina kosa.* Bofya seli hiyo, nenda `Home`, kwenye kindoo cha rangi chagua `No Fill`. Ikizima, ilikuwa imepakwa kwa mkono zamani, na rangi ya mkono haijui kalenda. Isipozima, kuna kanuni nyingine ya zamani ndani ya `Manage Rules`, ifute. Kanuni pia hupenda kuzaana mtu anapokata na kubandika mistari. Ukiona eneo la `Applies to` limekatikakatika vipande kumi, futa zote uanze na moja. Baadaye ukibandika tumia `Paste Special`, kisha `Values`.

*Rangi zote zimekosea kwa miaka.* Angalia saa ya kompyuta, pale chini kulia. Kompyuta kuukuu za mezani zina betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na `TODAY` inaiamini. Rejesho zote zinaonekana za mbali mno, hakuna kinachowaka. Betri inabadilishwa kwa dakika tano.

*Asubuhi rangi ni za jana.* Faili ililala wazi. `TODAY` husogea Excel inapokokotoa upya, yaani ukiifungua faili au ukibadilisha kitu ndani yake. Bonyeza `F9`. Ukijikuta unalazimika kubonyeza `F9` hata baada ya kubadilisha kitu ndani ya faili, fungua `Formulas`, `Calculation Options`, na urudishe kwenye `Automatic`. Kuna aliyeiweka `Manual`. Katibu wetu sasa ana mazoea: Jumatatu akifika, kabla hajashika simu, anabonyeza `F9` mara moja, anatazama rangi zikihama, ndipo anaomba chaja yangu.